Sentensi Moja Inayoamua Mtoto Akae Wapi

Ndoa ikivunjika na wazazi wakashindwa kukubaliana nani akae na mtoto, neno la mwisho huwa la mahakama. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha izingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii wanayotoka wahusika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila uamuzi unaomhusu. Lakini hakimu hajawahi kulala katika nyumba za wazazi hao wawili. Hajamwona mtoto akila, akiugua, wala akikataa kwenda shule. Ndiyo maana huomba taarifa ya afisa ustawi wa jamii, na katika mashauri mengine huletewa ripoti ya mwanasaikolojia aliyewachunguza wazazi na mtoto. Leo nataka kuizungumzia ripoti hiyo, na hasa namna inavyoandikwa. Hoja yangu ni kwamba ripoti ya aina hii humtendea mtoto haki pale tu mwandishi wake anapotenganisha mambo matatu: alichokiona na kukisikia, anachokifahamu kutokana na hayo kuhusu uwezo wa kila mzazi kulea, na anachopendekeza kifanyike. Yakichanganywa, hakimu husoma hukumu iliyokwishatolewa na mtu mwingine huku akidhani anasoma ushahidi.

Tuchukue mfano. Nimeutunga, si familia ya mtu yeyote, lakini mambo yaliyomo ni ya kila siku. Wazazi wametengana, wote wanaishi Morogoro. Mama ni muuguzi, na kila wiki huwa na zamu za usiku. Baba anauza mbao na anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili. Mtoto wao wa kike ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na ana selimundu. Tangu wazazi watengane amekuwa akikaa na mama yake pamoja na bibi mzaa mama. Baba hajamwona kwa muda wa miezi miwili kwa sababu wazazi waligombana juu ya ada ya shule. Mama naye, baada ya kutengana, aligundulika kuwa na sonona na bado anatumia dawa. Kila mmoja anaiomba mahakama akabidhiwe mtoto. Mwanasaikolojia anapewa kazi, anaifanya, na katika ripoti yake anaandika sentensi hii: mtoto anamwogopa baba yake, jambo linaloonyesha kuwa baba ni mkali na hafai kukabidhiwa malezi.

Sentensi hiyo inasomeka vizuri, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ndani yake mna hatua tatu zilizorukwa kwa pumzi moja. Ya kwanza ni kusema kwamba mtoto anaogopa. Ya pili ni kusema kwamba woga huo umeletwa na ukali wa baba. Ya tatu ni kusema kwamba kwa hiyo baba asipewe mtoto. Ukimwuliza mwandishi aliona nini hasa, atazifungua kumbukumbu zake za siku ile na kukusomea hivi: Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwa mama, baba alipoingia mlangoni mtoto alikwenda kusimama nyuma ya bibi yake na kushika kanga yake. Baba alimwita mara mbili, mtoto hakujibu. Baba alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Baada ya dakika kama kumi na mbili mtoto alimsogelea, akamwonyesha daftari lake la shule, na walipoagana alimwuliza atarudi lini. Na katika ukurasa uleule wa kumbukumbu kuna mstari mwingine, wa dakika ishirini kabla, unaosema kuwa mwanasaikolojia mwenyewe alipoingia, mtoto alikwenda kusimama nyuma ya bibi yake vilevile. Mstari huu haukuingia katika ripoti. Haukuachwa kwa ubaya. Uliachwa kwa sababu mwandishi alikwishajua anakwenda wapi, na mstari huo haukuwa njiani.

Sasa angalia tofauti. Hakimu akisomewa kumbukumbu zote, anaweza kuwaza mwenyewe. Huenda mtoto ana woga wa baba. Huenda ana haya kwa kila mgeni, na baba aliyepotea miezi miwili amekuwa nusu mgeni. Huenda alikuwa akimtazama bibi yake ili ajue kama inaruhusiwa kumchangamkia baba katika nyumba ile. Maelezo hayo matatu yanaelekea pande tofauti kabisa, na ziara moja haitoshi kuchagua mojawapo. Inahitajika ziara nyingine nyumbani kwa baba, bibi asipokuwepo, kwa muda uleule aliopewa mama. Wakili wa baba akisoma maelezo ya kilichoonekana ana la kuuliza. Akisoma kwamba mtoto anaogopa, anabaki kubishana na cheo cha mtaalamu.

Maneno ya mtoto yanahitaji uangalifu zaidi, na hapa tuna ushahidi wa utafiti. Katikati ya miaka ya 1990 wanasaikolojia wa Marekani Michelle Leichtman na Stephen Ceci walichapisha jaribio lililokuja kujulikana sana. Watoto wa chekechea, wa miaka mitatu hadi sita, walitembelewa darasani na mgeni aliyeitwa Sam Stone. Alikaa kama dakika mbili, akasalimia, akaondoka bila kuharibu kitu. Baadhi ya watoto walikuwa wamesimuliwa mapema kwamba Sam ni mtu wa kuvunjavunja vitu, kisha baada ya ziara wakaulizwa mara kadhaa maswali yaliyochukulia kwamba kuna kitabu alichokichana na mwanasesere aliyemchafua. Mwishoni, katika kundi hilo lililopata simulizi pamoja na maswali ya namna hiyo, zaidi ya theluthi mbili ya watoto wadogo zaidi walieleza kwamba Sam alifanya uharibifu. Watoto ambao hawakusimuliwa wala kuulizwa hivyo walieleza vizuri tu kilichotokea. Funzo lake halisemi kwamba watoto ni waongo. Jibu la mtoto halina maana ukilitenga na swali lililolizaa, wala ukilitenga na maneno aliyoyasikia nyumbani wiki nzima kabla ya kuulizwa. Kwa hiyo ripoti ikisema mtoto alieleza kuwa baba hampendi, sehemu ya maelezo ya kilichosikika lazima iandike swali kama lilivyoulizwa. Kama aliulizwa, je, baba anakupenda, na akatikisa kichwa, hilo ni jambo moja. Kama aliambiwa, nisimulie siku ukiwa kwa baba inakwendaje, na yeye mwenyewe akafika hapo kwa maneno yake, hilo ni jambo jingine. Aandike pia nani alimleta mtoto siku hiyo na nani alikuwa chumba cha pili.

Najua pingamizi linalotolewa hapa, na ni zito. Husemwa kwamba hakuna uchunguzi mtupu. Macho ya mtaalamu huchagua, na hata kuandika kwamba mtoto alishika kanga ya bibi ni kuchagua kuacha mambo mengine mia. Ni kweli. Lakini jambo hilo linatudai tutenganishe kwa bidii zaidi, halituruhusu kulegeza. Kama macho yangu yanachagua, basi msomaji ana haki ya kujua niliangalia lini, kwa muda gani, nani alikuwepo, nilitafuta nini na sikupata nafasi ya kuona nini. Kuandika kwamba kila mzazi alitembelewa mara mbili kwa saa moja na nusu, na kwamba sikumwona baba akimhudumia mtoto usiku, hakuondoi upendeleo wa mwandishi. Kunauweka mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuupima. Mwandishi aliyechanganya kila kitu naye ana upendeleo, ila ameufukia.

Tuje kwenye uwezo wa kulea, sehemu inayoandikwa vibaya kuliko zote, kwa sababu wengi huijaza sifa za mzazi: ni mpole, ni mcha Mungu, ana msongo, ana hasira. Uwezo wa kulea haupimwi kwa sifa. Hupimwa kwa kuoanisha mahitaji ya mtoto huyu na matendo ya mzazi huyu. Katika mfano wetu mtoto ana selimundu, na hilo peke yake linatupa maswali yanayojibika. Nani anampa asidi ya foliki kila siku, na inakuwaje siku ambayo mtu huyo hayupo? Nani anahakikisha anakunywa maji ya kutosha na anavalishwa sweta asubuhi za baridi? Mtoto akipata homa ya nyuzi 38.5 saa nane za usiku, kila mzazi anasema atafanya nini? Kwa mtoto wa selimundu homa hiyo ni dharura ya kwenda hospitali, si ya kungoja kupambazuke. Mwanasaikolojia atawauliza wazazi wote wawili maswali yaleyale, kisha ataangalia kadi ya kliniki na daftari la mahudhurio la shule ili kuona maneno yanalingana na matendo au la. Tuseme anakuta kwamba mama anaijua ratiba yote, kliniki zimehudhuriwa, na siku za zamu ni bibi anayetoa dawa kwa usahihi. Anakuta baba anajua jina la ugonjwa na anajua homa ni hatari, lakini hajui kiasi cha dawa, na alipokuwa akiishi na mtoto hakuwahi kumpeleka kliniki. Anakuta pia kwamba baba ndiye aliyemfundisha mtoto kusoma, na kwamba mahudhurio ya shule yalikuwa mazuri zaidi wakati baba akimpeleka asubuhi. Haya yote ni uwezo wa kulea. Yanahusu kazi, na kila moja linarudi kwenye kitu kilichoonekana, kilichosikika au kilichosomwa kwenye karatasi.

Sonona ya mama inaingia hapahapa, na inaingia kwa mlango mmoja tu. Ripoti nyingi huandika jina la ugonjwa kisha zikanyamaza, kana kwamba jina limeshasema yote. Halijasema. Jina la ugonjwa halielezi kama mtoto aliamshwa, alilishwa, alisikilizwa alipolia. Swali la uwezo ni hili: je, sonona hiyo imegusa siku ya mtoto, kwa namna gani, na matibabu yamebadilisha nini? Kama wakati wa miezi ya mwanzo mama alishindwa kuamka na mtoto akakosa shule mara nyingi, na tangu aanze dawa mahudhurio yamerudi kuwa sawa, basi vyote viwili viandikwe, na kilichotoka kwenye daftari la shule kitajwe kuwa kimetoka huko. Mzazi mwenye ugonjwa na tiba anaweza kulea vizuri kuliko mzima asiyejali. Vivyo hivyo vipimo vya maandishi vya haiba. Karen Bathurst na wenzake walichapisha mwaka 1997 matokeo ya kipimo cha MMPI-2 kwa wazazi wa Marekani waliokuwa katika mashauri ya malezi, na wakaonyesha kwamba kwa kawaida wazazi hao hujieleza kuwa wema kupita watu wengine. Ni jambo la kibinadamu. Nani hatajipamba akijua mtoto wake yuko mezani? Lakini maana yake ni kwamba mwandishi akimwona mzazi mmoja amejipamba katika kipimo, asiligeuze kuwa dalili ya hila, na asisahau kwamba kipimo hicho hakikutengenezwa kupima malezi.

Kuna kosa jingine ambalo kwetu ni rahisi kulifanya. Kifungu kilekile cha 125 kinaweka dhana kwamba ni kwa manufaa ya mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Mtoto wetu ana miaka sita, kwa hiyo inamhusu. Mwanasaikolojia akiiandika dhana hiyo katika sehemu ya uwezo wa kulea, kama vile ameigundua kwa uchunguzi wake, atakuwa ameihesabu mara mbili: mara moja kama sheria, mara ya pili kama sayansi. Baba anayejaribu kuipinga atakuta ushahidi uliopaswa kumsaidia umekwishajazwa na dhana ileile anayoipinga. Sheria ni ya hakimu kuitumia. Kazi ya mtaalamu ni kueleza mtoto huyu ameshikamana na nani na kwa kiasi gani, na kwamba kumhamisha kutakatiza nini.

Sasa mapendekezo. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Timothy Tippins ambaye ni mwanasheria na Jeffrey Wittmann ambaye ni mwanasaikolojia, walichapisha makala iliyozua mabishano makubwa. Waligawa hitimisho la mtaalamu katika ngazi nne: alichokiona, anachokifahamu kuhusu saikolojia ya wahusika, maana yake kwa mambo yanayohusu malezi, na mwisho nini kinapaswa kufanyika. Wakasema ngazi ya nne haina msingi wa kutosha wa kisayansi, na kwamba mwanasaikolojia aiache kwa mahakama. Sababu yao ina nguvu. Kuamua kama uthabiti wa nyumba una uzito kuliko ukaribu na baba ni uamuzi kuhusu kipi kina thamani zaidi, na hakuna kipimo kinachoutoa. Hata hivyo mimi sifiki mwisho wa njia yao. Hakimu asipopata pendekezo lolote ataamua hata hivyo, pengine bila kuona njia za kati ambazo mtaalamu aliyetembelea nyumba zote mbili anaziona. Ninachodai ni kwamba pendekezo likae peke yake na liandikwe kwa masharti. Kipimo changu ni chepesi: ung'oe ukurasa wa mwisho wenye mapendekezo. Kama kurasa zilizobaki bado zinamwezesha hakimu kufika kwenye uamuzi tofauti na wa mwandishi, ripoti imeandikwa vizuri. Kama kila aya inakusukuma upande mmoja hata ukurasa huo ukiwa haupo, mapendekezo yameanza ukurasa wa kwanza.

Katika mfano wetu pendekezo lililofungwa vizuri lingesomeka hivi. Kwa kuwa bibi ndiye anayeshika huduma ya dawa siku za zamu, na kwa kuwa mtoto amekaa katika mpangilio huo tangu wazazi watengane, inapendekezwa aendelee kukaa kwa mama kwa sasa, mradi bibi yupo. Bibi akiondoka, au zamu za mama zikiongezeka, mpangilio utazamwe upya. Kwa kuwa mtoto alimsogelea baba mwenyewe na baba amethibitika kumsaidia katika masomo, ziara za baba zianze mara moja, kwanza mchana, kisha zifike kulala huko baada ya baba kuhudhuria kliniki pamoja na mtoto na kuonyesha anajua kutoa dawa. Na kwa kuwa hakuna kilichoonekana kuthibitisha ukali wa baba, hakuna pendekezo linalojengwa juu ya ukali. Sentensi hii ya mwisho ni muhimu kama zile zilizoitangulia. Pia, kama baba angekataa kabisa kuonana na mwanasaikolojia, ripoti ingelazimika kusema hivyo na kutotoa maoni juu ya tabia ya mtu ambaye mwandishi hakumchunguza, hata kama mama ameeleza mengi juu yake.

Wengine watasema huu ni mpango wa nchi zenye wanasaikolojia wengi na muda mwingi; kwetu afisa ustawi wa jamii mmoja ana mashauri kadhaa na labda mchana mmoja wa kuzunguka. Nalikubali tatizo, silikubali hitimisho. Kutenganisha hakuongezi safari wala mtihani. Taarifa ya kurasa mbili inaweza kuwa na aya ya nilichokiona, aya ya uwezo wa kila mzazi na aya ya ninachopendekeza. Aliye na mchana mmoja tu ndiye anayehitaji zaidi kuandika kwamba alikuwa na mchana mmoja, kwa sababu hakimu akijua hivyo ataamua kama inatosha au la. Wapo pia wanaosema mahakimu wanataka jibu, hawataki maelezo marefu. Lakini maoni ya mtaalamu hayaifungi mahakama, yanasaidia tu. Na mahakama haiwezi kusaidiwa na jibu ambalo haiwezi kulikagua.

Mzazi mwenye shauri kama hili, au wakili wake, akiletewa ripoti aisome akiwa na kalamu. Kila anapokuta maneno kama anaogopa, ni mkali, hajali, hana uwezo, aweke alama na atafute mahali pengine katika ripoti panapoeleza ni tukio gani, siku gani, mbele ya nani. Asipopaona, aombe mahakama imwite mwandishi aje aulizwe, na swali la kwanza liwe: ulipoandika neno hili, ulikuwa umeona nini?